Mizani tatu, jiwe lile lile: usahihi, uthabiti na hatua ya kioo

Ukiingia maabara ninayofundisha, wiki ya kwanza ya muhula, utakuta kwenye benchi la mwisho mizani tatu za kupimia uzito wa mwili, zile ambazo mtu anapanda na kusimama. Madukani huitwa mizani za bafuni, ingawa kwa nyumba zetu nyingi mahali pake ni chini ya kitanda, au kando ya barabara mbele ya kijana anayekutoza shilingi chache upande na ushuke. Naanza na hizi kabla ya mizani ya kemikali yenye tarakimu nne baada ya nukta. Ile ya kemikali mwanafunzi mgeni anaiogopa, kwa hiyo anaamini chochote inachomwonyesha. Hii ya kusimama anaijua, na pengine amewahi kubishana nayo.

Ya kwanza ni ya zamani, ya springi na mshale, sahani yake imegawanywa kwa mistari ya kilo moja moja. Ya pili ni ya kidijitali, ya plastiki nyeupe, inaonyesha kilo na tarakimu moja baada ya nukta. Ya tatu ni ya kioo cheusi, nyembamba, inawaka taa ya bluu na kuonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, ikiruka kwa gramu 50 kila hatua. Nitaziita Mshale, Nyeupe na Kioo. Swali ninalowaachia wanafunzi ni moja: kama ungepewa moja tu ya kutumia muhula mzima, ungechukua ipi? Mwanzoni karibu wote hunyooshea kidole Kioo.

Namba zilizo hapa chini ndizo ninazozitumia kwenye zoezi hilo. Ukifanya kwa mizani zako utapata nyingine, lakini tabia za namna hizi tatu utazikuta.

Kwanza tuelewane maneno

Tatizo letu linaanzia kwenye lugha. Kwa Kiswahili cha kawaida neno "usahihi" linabeba mizigo miwili: kipimo kuwa karibu na ukweli, na vipimo kukubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Kwenye kitini cha maabara ni mambo mawili tofauti, na mkufunzi atayaita akyurasi na prisisheni, kisha ataongeza la tatu, resolusheni. Hapa nitatumia maneno haya.

Usahihi ni jinsi kinachosomwa kilivyo karibu na thamani ya kweli ya kitu. Uthabiti ni jinsi masomo yanavyokaribiana unapopima kitu kile kile mara nyingi, bila kujali kama yako karibu na ukweli au mbali. Hatua ni badiliko dogo kabisa ambalo kifaa kinaweza kulionyesha: kwa Mshale ni mstari mmoja, au nusu yake kama jicho lako ni zuri, kwa Nyeupe ni kilo 0.1, kwa Kioo ni kilo 0.05.

Ona tofauti iliyojificha humo. Hatua unaiona kabla hujapima chochote, imeandikwa kwenye boksi. Uthabiti unaujua kwa kurudia kupima, hata kama hujui uzito wa kweli wa kitu. Usahihi hauujui kabisa mpaka upate kitu ambacho uzito wake umethibitishwa na mtu mwingine kwa kifaa bora kuliko chako. Wanafunzi wengi hutafuta usahihi kwa kupima tena na tena. Hawatauona huko hata wakipima mpaka Ijumaa.

Kitu cha kulinganishia

Kwa hiyo unahitaji jiwe. Ninayo matatu ya chuma, kila moja kilo 20, yenye mkono wa kushikia. Ni ya jamii ile wanayotembea nayo wakaguzi wa vipimo wanapokagua mizani za sokoni. Jiwe la kilo 20 la daraja la M1 haliruhusiwi kukosea zaidi ya gramu 1. Matatu kwa pamoja hayawezi kukosea zaidi ya gramu 3, na hatua ndogo kuliko zote kwenye benchi letu ni gramu 50. Kwa kazi hii basi kilo 60 za mawe yangu ni kilo 60, hatuna ugomvi.

Kila mwaka yupo anayependekeza dumu la maji la lita 20, kwa hoja kwamba lita moja ni kilo moja. Dumu lenyewe lina uzito wake, na ukilijaza mpaka mdomoni linameza zaidi ya lita 20. Linafaa kwa kuona kama mizani imepotoka vibaya sana, si kwa kuamua kesi.

Utaratibu ni huu. Mizani inawekwa sakafuni penye vigae, kamwe si juu ya zulia, kwa sababu zulia linabonyea, miguu ya mizani inazama na sehemu ya mzigo inabebwa na zulia lenyewe. Unasubiri isome sifuri. Unapanga mawe matatu katikati, unasoma, unaandika, unayashusha yote, unasubiri izime au irudi sifuri, unaanza upya. Mara 8 kwa kila mizani. Mgongo utauma, lakini kusoma mara 8 bila kushusha mawe si kupima mara 8. Ni kupima mara moja na kusoma mara 8.

Mshale: haijui mengi, lakini haidanganyi

Masomo ya Mshale, kwa kukadiria nusu ya mstari, yalikuwa 60, 60.5, 59.5, 60, 60.5, 59.5, 60 na 60. Wastani wake ni 60.0 kamili. Kwa wastani, basi, chombo hiki cha zamani ambacho rangi imeshabanduka kiko sawasawa na mawe.

Lakini yatazame masomo mojamoja. Yanatawanyika kutoka 59.5 hadi 60.5, kilo nzima. Sehemu ya mtawanyiko huo ni springi na msuguano wa meno yanayozungusha sahani, na sehemu ni jicho. Kati ya mshale na mistari kuna nafasi, hivyo ukiuangalia kwa upande unauona umesogea. Mwanafunzi mrefu aliyesimama na mwenzake aliyepiga magoti hawasomi namba moja. Na hapa kuna jambo la kuangalia: kama watu watano wanasoma, kila mmoja kwa pembe yake, kosa hilo linatawanyisha masomo, yaani linakula uthabiti. Kama ni mtu mmoja anayesoma siku zote akiwa ameinama upande ule ule, kosa lile lile linasukuma masomo yote upande mmoja, yaani linakula usahihi. Chanzo ni kimoja, na jeraha linategemea nani anasoma.

Kuna pia kigurudumu kidogo pembeni cha kurekebisha sifuri. Kabla ya kuilaumu mizani yoyote ya mshale, itazame ikiwa tupu. Kama mshale umekaa kwenye 2, kila kitu utakachopima kitaongezewa kilo 2, na tiba yake ni kidole kimoja.

Nyeupe: inakosea, tena kila mara vilevile

Nyeupe ilisoma 58.8, 58.7, 58.8, 58.8, 58.9, 58.8, 58.7 na 58.8. Wastani ni 58.79. Kati ya somo dogo na kubwa kuna kilo 0.2 tu, yaani hatua mbili. Uthabiti wake ni mzuri. Ila imepungukiwa kilo 1.21 dhidi ya mawe.

Hii ndiyo namba inayowagawa wanafunzi. Wengine wanaitupa pale pale: "Hii mbovu, Mwalimu, inapunguza." Wengine, kwa kuwa masomo yanakubaliana, wanaandika kwenye ripoti kwamba uzito ni 58.8 na kipimo "ni sahihi kwa sababu kimerudiwa mara 8." Hawa wa pili wananitia hofu zaidi. Mashahidi wanane waliofundishwa na mtu mmoja watasema neno moja, na bado lisiwe kweli.

Kosa la namna hii, linalosukuma upande mmoja kwa kiasi kile kile, linaweza kurekebishwa, lakini kwanza ujue umbo lake. Jiwe moja halitoshi kukuambia. Pima kilo 20, kisha 40, kisha 60. Kama mizani ingesoma 18.8, 38.8 na 58.8, ingekuwa inapunguza kilo 1.2 popote ulipo, sawa na mshale uliokaa vibaya kwenye sifuri, na tiba ingekuwa kujumlisha 1.2. Nyeupe ilisoma 19.6, 39.2 na 58.8. Inapunguza kilo 0.4 kwenye 20, 0.8 kwenye 40 na 1.2 kwenye 60: asilimia 2 ya chochote unachoweka. Tiba yake ni kuzidisha:

```
uzito wa kweli = somo × 60.00 / 58.79
               = somo × 1.021
```

Mwanafunzi aliyejumlisha 1.2 bila kuuliza umbo la kosa atapata jibu zuri akipima mtu wa kilo 60. Siku akipima mtoto wa kilo 20, atampa karibu kilo moja ambayo mtoto hana.

Kwa nini mizani iwe na kosa la asilimia? Mara nyingi ni marekebisho duni ya kiwandani, au vipande vya chuma vilivyo miguuni vimechoka kwa kubebeshwa kupita kiasi. Ndani ya kila mguu wa mizani ya kidijitali kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana kinapobanwa, na juu yake kimegandishwa kinzani chembamba kinachobadilika kadiri chuma kinavyopinda. Kinachopimwa hapo ni nguvu ya mzigo kukandamiza chini. Kilo unazoziona ni hesabu inayokuja baadaye.

Hilo linazaa kosa dogo ambalo sisi wa huku tunapaswa kulijua. Mvutano wa dunia si sawa kila mahali. Karibu na ikweta ni mdogo kuliko kaskazini. Berlin kuongeza kasi kwa mvutano ni takriban mita 9.813 kwa sekunde ya mraba, Dar es Salaam takriban 9.781. Mizani iliyorekebishwa kwa mvutano wa Berlin kisha ikaletwa Dar es Salaam itasoma kilo 60 kama 59.8 hivi, bila kuharibika popote. Gramu 200 zinapotea, na zinapotea kwa uthabiti, kila mara. Ndiyo maana mizani nzuri za maabara hurekebishwa mahali pale zinapotumika, kwa jiwe. Kwa Nyeupe, hata hivyo, mvutano haumalizi kesi: unaeleza asilimia 0.3 tu kati ya zile 2.

Kioo: tarakimu nyingi, na kumbukumbu ndefu

Sasa Kioo, kipenzi cha wengi. Masomo 8: 60.35, 60.35, 60.35, 60.35, 60.35, 60.35, 60.35, 60.35.

Mwanafunzi aliyekuwa akiandika aliinua kichwa akiwa na furaha. "Mwalimu, hii haina hata tofauti moja!"

"Ndiyo inayonitia shaka," nikamwambia.

Kifaa kinachoruka kwa gramu 50, kikabebeshwa kilo 60 za chuma zinazopangwa kwa mikono, mara 8, kisitofautiane hata hatua moja? Hata Nyeupe, yenye hatua kubwa mara mbili, iliyumba kidogo. Mtawanyiko wa sifuri kwenye daftari la maabara si wa kushangilia. Ni wa kuuliza. Mara nyingi una maana moja kati ya mbili: ama hatua ya kifaa ni kubwa kiasi kwamba inameza mtawanyiko wote, ama kifaa hakikupima upya.

Hapa ni la pili. Mizani nyingi za nyumbani za kidijitali zimepangwa zikumbuke somo la mwisho. Ukipanda tena na uzito ukawa karibu na ule wa mwanzo, hazikuonyeshi kipimo kipya. Zinarudia namba ya zamani. Mnunuzi anayepanda mara tatu na kuona namba moja anaondoka ameridhika na ubora. Kwa mtu wa nyumbani ni utulivu wa moyo. Kwa mwanafunzi wa maabara ni daftari zima la data ya uongo.

Kulitambua ni rahisi. Nilishusha mawe, nikayarudisha na simu yangu juu yake, ambayo ina gramu 200 hivi, sawa na hatua nne za Kioo. Ikasoma 60.35. Hatua ya gramu 50 iliyoandikwa kwenye boksi, na gramu 200 hazikuonekana! Kisha tukabadilisha utaratibu: kila baada ya kupima mawe matatu, tunapima jiwe moja peke yake ili kufuta kumbukumbu, ndipo tunarudisha yote matatu. Masomo mapya yakawa 60.35, 59.80, 60.60, 59.95, 60.45, 59.70, 60.25 na 60.10.

Chumba kilinyamaza kidogo. Wastani ni 60.15, si mbaya, umezidi mawe kwa gramu 150 tu. Lakini masomo yametawanyika kutoka 59.70 hadi 60.60, gramu 900. Mizani yenye hatua ndogo kuliko zote ina mtawanyiko unaokaribia ule wa Mshale wenye mistari ya kilo nzima. Tarakimu ya pili baada ya nukta inacheza tu, na ya kwanza nayo haijatulia.

Tukatafuta chanzo. Tuliweka jiwe moja la kilo 20 kwenye kila kona kwa zamu, na kila kona ikatoa namba yake: 20.05, 19.70, 20.35, 20.00. Miguu haikubaliani. Ukipanga mawe yakaegemea kidogo mguu huu au ule, somo linahama. Tulipoigeuza, mpira wa mguu mmoja ulikuwa umelegea na kukaa upande. Kwa binadamu anayesimama juu yake ni hivyo hivyo: ukiegemea kisigino unapata namba moja, ukiegemea vidole unapata nyingine.

Fundi aliyeweka tarakimu mbili kwenye kioo hakulazimika kuboresha miguu hata kidogo. Kuongeza tarakimu ni kazi ya programu. Kifaa cha ndani kinachobadili umeme kuwa namba kina uwezo wa kutenganisha vipande vidogo mno. Swali ni kama vipande hivyo vinatoka kwenye mzigo au kwenye kelele, yaani kuyumba kusikotokana na mzigo. Ndiyo maana hatua ni sifa rahisi kuuza, na mimi siiamini mpaka nione mtawanyiko.

Ubavu kwa ubavu

| | Mshale | Nyeupe | Kioo (kumbukumbu imefutwa) |
|---|---|---|---|
| Hatua | 1 kg (jicho: 0.5) | 0.1 kg | 0.05 kg |
| Wastani wa masomo 8 | 60.00 | 58.79 | 60.15 |
| Umbali na kilo 60 | 0.00 | −1.21 | +0.15 |
| Dogo hadi kubwa | 1.0 kg | 0.2 kg | 0.9 kg |
| `sx` ya kikokotoo | 0.38 | 0.064 | 0.32 |

Mstari wa mwisho ni mkengeuko sanifu, ile namba ambayo kikokotoo chako kinakupa baada ya kuingiza masomo yote. Ichukulie kama ukubwa wa kawaida wa kuyumba kwa somo moja. Usomaji wa jedwali ni huu: hatua inakaa mstari wa kwanza, usahihi mstari wa tatu, uthabiti mistari miwili ya mwisho. Hakuna mizani iliyoshinda mistari yote, na mpangilio wa ushindi hauna uhusiano na tarakimu za kwenye kioo.

Msidanganywe na sifuri safi ya Mshale, lakini. Ukiwa na masomo yanayotawanyika kwa 0.38, wastani wa masomo 8 wenyewe unayumba kwa takriban 0.38 kugawa kwa kipeuo cha pili cha 8, yaani kama 0.13. Kuangukia 60.00 kamili kulikuwa na bahati ndani yake. Tungerudia zoezi tungeweza kupata 59.9 au 60.2 bila chochote kubadilika. Vivyo hivyo +0.15 ya Kioo: kwa wastani unaoyumba kwa 0.11, siwezi kuapa kwamba Kioo inazidisha. Ile −1.21 ya Nyeupe ndiyo peke yake ninayoweza kuisimamia mbele ya mtu, kwa sababu ni kubwa mno kuliko kuyumba kwake. Watu hawalitazamii hili: unahitaji uthabiti ili hata uweze kuona kosa la usahihi.

Uchukue ipi?

Mimi ningechukua Nyeupe, lakini kwa sharti kwamba nina jiwe. Kosa lake lina umbo linalojulikana, na kuzidisha kwa 1.021 kunaliondoa. Mtawanyiko wa Kioo hauna dawa ya namna hiyo. Dawa yake pekee ni kurudia na kuchukua wastani, na bei yake ni kubwa. Mtawanyiko wa Kioo ni mara 5 ya ule wa Nyeupe, na wastani unatulia kwa kipeuo cha pili cha idadi ya masomo. Ili wastani wa Kioo utulie kama somo moja tu la Nyeupe, utapanga na kupangua mawe mara 25, ukifuta kumbukumbu kila mara.

Bila jiwe hukumu inabadilika, na inategemea unachouliza.

Unafuatilia kama umepungua uzito wiki hadi wiki? Nyeupe, hata bila kurekebishwa. Ukiwa kilo 70 za kweli itakuonyesha kama 68.6; ukishuka hadi 68 itakuonyesha 66.6. Inasema umepungua kilo 2, na kweli ni 2. Asilimia 2 ya badiliko la kilo 2 ni gramu 40, hazifiki hata nusu ya hatua yake. Kwa badiliko, uthabiti ndio unaolipa, na kosa la upande mmoja linajikata lenyewe katika kutoa. Kwa Kioo, kushuka na kupanda kwa nusu kilo ni kelele za miguu yake, na ukiacha kumbukumbu iwe hai inaweza kukuambia hujabadilika ilhali umebadilika.

Unafunga begi la ndege la kilo 23 na huna jiwe? Hapo badiliko halikusaidii, unataka thamani yenyewe. Nyeupe itakusomea 22.9 begi likiwa na kilo 23.4, na utalijua kosa lake pale kaunta. Kati ya hizi tatu, kwa swali hili, Mshale ni mwenzi mwaminifu zaidi mradi umtazame wima na uache nafasi ya kilo moja. Jaza mpaka 22, acha hapo.

Unataka kupima gramu 30 za chumvi ya mezani kwa ajili ya mchanganyiko? Hakuna hata moja. Hapa hatua ndiyo inayoamua, na inaamua kabla ya usahihi na uthabiti kuingia mlangoni: gramu 30 ni ndogo kuliko hatua ya mizani zote tatu. Kuna wajanja wanaopanda bila chumvi, kisha wakiwa wameishika mkononi, watoe tofauti. Kwa Nyeupe tofauti hiyo itakuwa sifuri au gramu 100, na zote mbili ni uongo. Kurudia hakusaidii sana hapo, kwa sababu kila somo linazungushwa hadi hatua iliyo karibu kabla hujaliona.

Ukienda kwenye mizani ya kemikali

Wiki ya tatu utakabidhiwa ile ya tarakimu nne, inayoruka kwa gramu 0.0001. Ukiifungulia mlango wa kioo feni ikiwa inazunguka juu, tarakimu mbili za mwisho zitacheza mbele ya macho yako: hatua ipo, uthabiti umepeperushwa. Ukiweka chombo kingali cha moto kutoka ovenini, hewa inayopanda kandokando yake itakinyanyua kidogo, na somo litakuwa dogo kuliko kweli, kisha litapanda polepole kadiri kinavyopoa. Na kama imehamishwa kutoka chumba kingine bila kurekebishwa kwa jiwe lake, inaweza kukupa namba nne tulivu kabisa zilizokosea zote kwa kiasi kimoja, tabia ile ile ya Nyeupe.

Kwenye daftari, kwa hiyo, usiandike "mizani ina usahihi wa 0.0001 g" kwa sababu tu umeona tarakimu nne. Andika hatua 0.0001 g, masomo 5 ya kitu kile kile, na `sx` yake, jiwe lililotumika, thamani yake na mizani ilisoma ngapi. Kama hukupewa jiwe siku hiyo, andika "haikulinganishwa na jiwe" na uendelee. Mimi ndiye ninayesahihisha, na mstari huo huwa naupa alama kuliko tarakimu ya nne.